Mjane avae nyeupe au nyeusi?

SWALI: Assalaam alaykum sheikh. Mume wangu amefariki mwezi uliopita, nakaa eda hapa Kirumba, Mwanza. Mama mkwe anatoka pwani, kaniletea nguo nyeupe za satini, anasema eda ni nyeupe. Majirani wanasema msiba ni nyeusi, na mimi nyeusi niliyonayo ni baibui moja lenye shanga. Wifi yangu amevaa nyeusi na ameapa haivui hadi arobaini ya kaka yake, na ananiambia nisibadilishe nguo wala kuzifua. Nimfuate nani?

JIBU: Wa alaykumu salaam, dada yangu. Mwenyezi Mungu amrehemu mumeo na akupe subira.

Katika nguo hukumu haikufungwa kwenye rangi, imefungwa kwenye pambo. Katika hadithi ya Ummu Atiyya, waliyoipokea Bukhari na Muslim, mwanamke aliye edani amekatazwa wanja, manukato na nguo iliyotiwa rangi, isipokuwa nguo ya asbi. Asbi ilikuwa nguo ya Yemen ambayo nyuzi zake hutiwa rangi kabla ya kufumwa. Wakati ule nguo ya kutiwa rangi, kama ile ya zafarani, ndiyo iliyokuwa nguo ya kujirembea. Kwa hiyo wanazuoni wa madhehebu yetu ya Shafi wakaangalia sababu: rangi isiyokusudiwa pambo haina ubaya. Nyeusi waliiruhusu wengi, akiwemo Imamu Malik, kwa kuwa watu hawakuwa wakijipamba nayo. Hata hivyo wapo waliotanabahisha kwamba nyeupe ya fahari au nyeusi nzuri ya kujipamba nayo inakatazwa pia.

Sasa tufungue sanduku lako. Nyeupe ni halali, lakini satini inayong'aa ile mrembo akiivaa harusini hakuna atakayeshangaa, basi iweke kando. Mwombe mama mkwe kwa adabu akubadilishie kwa pamba nyeupe isiyo na nakshi, naye atakuwa amepata nyeupe yake. Baibui lenye shanga ni jeusi, lakini shanga ni pambo; ukizifumua, litafaa. Na kama una dira la buluu iliyokoza, la kushindia nyumbani, livae bila wasiwasi, ingawa si jeupe wala jeusi. Ushungi ni ule ule wa kila siku. Eda haikuongezei utaji.

Mama mkwe na majirani wote wana desturi nyuma yao, na desturi za msiba huhama. Pwani yenyewe zamani kulikuwa na kaniki, kitambaa cha nili kinachokaribia weusi. Waislamu wa Andalusi walivaa nyeupe msibani, hata mshairi mmoja akasema mvi zake ni nguo za matanga ya ujana wake. Wajane wa Kihindu nao wamezoea nyeupe. Hiyo nyeusi ya majirani zako ina uhusiano mkubwa na Wazungu, na mfano wake tunao mlangoni. Speke alipofika hapa Mwanza mwaka 1858 akalipa ziwa letu jina la Malkia Viktoria, malkia huyo alikuwa bado na mume. Mumewe alifariki Desemba 1861, naye akavaa nyeusi hadi alipokufa mwaka 1901. Wajane wa Uingereza wa enzi zake walivaa krepe, hariri iliyofanywa ikunjamane ili isiwe na mng'ao. Nao walikimbia mng'ao, ila wao waliweka muda mrefu kuliko sheria yetu. Baada ya vita vya 1914 hadi 1918 desturi ile ikafifia huko kwao.

Kuhusu kutofua, hilo usilikubali. Kabla ya Uislamu mjane aliingizwa kwenye kijumba kibovu, akavishwa nguo zake mbaya kabisa, hagusi manukato mwaka mzima. Mtume, rehema na amani zimshukie, alikumbushia hali ile alipoulizwa kuhusu mjane aliyetaka kupaka wanja. Oga, fua, badilisha nguo, chana nywele. Sabuni ya kawaida haikatazwi. Kinachokatazwa ni kujifukiza udi, kujitia manukato, hina na wanja wa kujipamba, pamoja na vito. Hayo yote ni kwa miezi minne na siku kumi za mwandamo, au hadi utakapojifungua kama una mimba.

Wifi yako ndiye aliyepitiliza. Mwanamke haruhusiwi kumwekea maiti huzuni ya mavazi zaidi ya siku tatu, ila mumewe tu. Ummu Habiba alipofiwa na baba yake Abu Sufyan, aliagiza manukato akajipaka, akasema hana haja nayo, ila amesikia katazo hilo kwa Mtume. Akitaka kuvaa nguo nyeusi kama nguo yake ya kawaida, hana kosa. Akiivaa kama nadhiri ya msiba hadi arobaini, aiache. Na kiapo chake akitolee kafara: alishe maskini kumi au awavishe, na asipoweza afunge siku tatu.

Wallahu aalam.