Bajeti ya nyanya ekari moja: tenganisha gharama za shamba na gharama za tenga

Bajeti nyingi za nyanya ninazoonyeshwa na wakulima wenzangu hapa Ilula zina orodha moja ndefu: mbegu, mbolea, dawa, vibarua, usafiri, halafu jumla. Mimi huzigawa mara mbili. Kuna pesa zinazozama shambani kabla hujachuma hata nyanya moja, na kuna pesa zinazotoka kwa kila tenga linalokwenda sokoni. Kwa nini nafanya hivyo, utaona bei ikishuka.

Nichukue mfano wa ekari moja ya kiangazi, yenye mbegu chotara na maji ya pampu. Bei za kwenu weka mwenyewe. Kukodi shamba na kulima, 300,000. Mbegu na kitalu, 250,000. Samadi, mbolea ya kupandia na ya kukuzia, 500,000. Dawa za ukungu na wadudu, 400,000, na hapo usipunguze, maana kantangaze akishaingia ndani ya jani na tunda, ukichelewa wiki moja tu umekwisha. Miti na kamba za kusimamishia miche, 300,000. Mafuta ya pampu, 300,000. Kazi ya kupanda, kupalilia, kufunga, kupulizia na kumwagilia, 550,000. Jumla ni 2,600,000.

Kwenye hiyo 550,000 hesabu pia siku zako na za mkeo au mumeo, kwa bei ileile ambayo ungemlipa kibarua. Wengi wanaruka hapa, kisha wanaita faida kile ambacho kwa kweli ni ujira wao wa miezi minne.

Sasa mavuno. Ukipanda sentimita 75 kwa 60, ekari inaingiza miche 9,000 hivi. Mimi nahesabu 8,000 itakayofika kuzaa, kwa kilo moja na nusu kila mche, yaani tani 12. Katika hizo naondoa tani mbili za zilizopasuka, zilizotobolewa na ndogo zisizo na mnunuzi. Zinabaki kilo 10,000, ambazo ni matenga 250 ya kilo 40.

Kila tenga lina gharama yake: kuchuma, tenga lenyewe, gari, ushuru na dalali. Tuseme 8,000. Kwa matenga 250 ni milioni 2. Ukijumlisha na za shamba unapata 4,600,000, na ukigawa kwa 250 inatoka 18,400. Hiyo ndiyo bei inayorudisha mtaji. Tenga likiuzwa 25,000, unabaki na 1,650,000. Lakini ukivuna matenga 150 tu kwa bei hiyohiyo ya 25,000, unapata hasara ya 50,000.

Bei ya kuweka kwenye hesabu isiwe ile nzuri uliyoisikia barabarani. Nyanya huchumwa kila baada ya siku chache kwa wiki kadhaa, na bei hubadilika mchumo hadi mchumo. Mchumo wa kwanza na wa mwisho huwa mdogo, kwa hiyo bei inayokuhusu zaidi ni ile ya katikati, shamba linapotoa kwa wingi. Mara nyingi majirani mliopanda pamoja nao wanatoa wakati huohuo.

Halafu kuna ukubwa wa tenga, na hili linaniuma kweli. Mnunuzi akitaka nyanya zipandishwe juu ya ukingo hadi tenga liwe na kilo 50, zile kilo 10,000 zinakuwa matenga 200. Kwa 25,000 unapata milioni 5. Toa 2,600,000 za shamba na 1,600,000 za matenga, unabaki na 800,000. Hujaguswa bei, hujapoteza hata mche mmoja, lakini zaidi ya nusu ya faida imekwenda. Kwa hiyo kabla ya kutaja bei, kubalianeni tenga linajazwa mpaka wapi, na kama kuna mizani, uzeni kwa kilo.

Turudi kwenye mgawanyo wa mwanzo. Bei ikianguka hadi 12,000, mkulima akiangalia 18,400 yake hukata tamaa na kuziacha zioze. Asifanye hivyo. Zile 2,600,000 zimeshazama, achume au asichume. Kila tenga likitoka linakula 8,000 na kurudisha 4,000 mfukoni. Akimaliza matenga yote 250, hasara inakuwa 1,600,000 badala ya 2,600,000, na ile milioni moja ni mbegu na mbolea ya msimu unaofuata. Bei ikishuka chini ya 8,000, hapo ndipo simu ya gari inakatwa, kwa sababu kila tenga unalopakia unaliongezea pesa yako. Chuma za nyumbani na za gengeni, dawa na mafuta ya pampu visimame siku hiyohiyo.