Daftari la getini limeandikwa kwa saa za Kiswahili, kompyuta haizijui

Mwezi wangu wa kwanza kama karani wa mahudhurio kwenye kiwanda cha mbao huku Mafinga, watu wanne wa zamu ya usiku walitokea kwenye jedwali langu kuwa wamefanya kazi saa sifuri. Daftari la mlinzi lilisema wameingia 12:00 na kutoka 12:00. Nikaingiza vilevile, Excel ikatoa 12 kwa 12, ikabaki sifuri, na mimi nikapeleka karatasi kwa mhasibu bila hata kutazama. Siku ya mshahara nilijifunza kwamba mtu aliyepasua magogo usiku kucha kwenye baridi ya Juni hana maneno mengi. Anasimama tu mlangoni pako.

Kwa hiyo wewe unayeanza kazi hii, iwe kwenye mbao, chai ya Mufindi au ghala la parachichi Njombe, naanzia hapo kwenye saa, kwa sababu makosa mengine mengi yanatokana nazo. Mlinzi anaandika saa moja na nusu kama 1:30. Kompyuta ikiona 1:30 inaelewa ni usiku wa manane, watu wamelala. Usijaribu kubadilisha kichwani huku unaandika. Ukifika mstari wa arobaini utachoka, na utakapokosea hutajua ulikosea wapi. Andika kilichomo daftarini kama kilivyo, kisha iache fomula ibadilishe kwenye safu nyingine. Mtu akija kulalamika, unaweka daftari pembeni ya jedwali na tarakimu zinafanana.

Kinachohitajika ni herufi moja mbele ya kila saa. Mimi natumia M kwa mchana na U kwa usiku, na mpaka wake ni saa kumi na mbili: kuanzia saa 12 asubuhi hadi kabla ya saa 12 jioni ni M, zinazobaki zote ni U. Hapa ndipo wageni wanapoteleza, kwa sababu neno "jioni" limekaa pande zote mbili. Saa 11:30 jioni ni M, lakini saa 12:40 jioni tayari ni U. Alfajiri nayo ni U mpaka saa 12 ipige, hata kama mama ntilie wameshawasha moto.

Kuna herufi ya tatu pia. Kwetu kulikuwa na mlinzi aliyepitia mgambo, na yeye aliandika 07:30 na 17:30 kama alivyofundishwa. Mwenzake wa zamu nyingine aliandika 1:30 na 11:30. Daftari moja, kurasa zinazofuatana. Mistari ya yule wa mgambo naiwekea S, maana yake saa iachwe ilivyo. Ukiona tarakimu inayozidi 12 huna shaka. Ukiona 7:30 peke yake, tazama mwandiko na saa ya kutoka, kwa sababu inaweza kuwa saa saba na nusu mchana ya mtu aliyechelewa.

Jedwali langu lina safu hizi: A ni tarehe, B namba ya mfanyakazi, C saa ya kuingia kama ilivyoandikwa, D herufi yake, E saa ya kutoka, F herufi yake, G mapumziko kwa dakika. H na I ni saa zilizobadilishwa, J dakika za kazi, K za kawaida, L za ziada, na M ni maelezo. Fomula ya H ni hii, na ya I ni ileile ukiweka E na F badala ya C na D:

```
=IF(D2="S",C2,MOD(MOD(C2,0.5)+IF(D2="U",0.75,0.25),1))
```

Excel huhesabu siku nzima kuwa 1, hivyo nusu siku ni 0.5 na saa sita ni 0.25. `MOD(C2,0.5)` inaigeuza saa 12:40 kuwa dakika 40 tu, kisha mchana tunaongeza saa sita na usiku saa kumi na nane. Dakika 40 za U zinatoka 18:40, ndiyo saa kumi na mbili na dakika arobaini jioni. Safu za H na I zipe umbo la `hh:mm`, la sivyo utaona desimali tupu.

Angalia pia nukta. Walinzi wengi huandika 1.30 kwa nukta, na ukiingiza hivyo kompyuta inaona namba moja na sehemu tatu za kumi. Andika kwa nukta mbili, 1:30, kila mara.

Sasa dakika za kazi:

```
=IF(OR(C2="",E2=""),"",ROUND(MOD(I2-H2,1)*1440,0)-G2)
```

`MOD` ya fomula hii ndiyo inayowaokoa watu wa usiku. Aliyeingia 18:00 akatoka 06:00 kesho yake, kutoa kwa kawaida kunaleta hasi, ila `MOD` inairudisha kuwa nusu siku, saa 12 kamili. Nafanya kazi kwa dakika nzima na `ROUND` kwa sababu Excel huacha vumbi kwenye desimali: mtu wa saa tisa kamili anaweza kuonekana amezidisha kwa sehemu ndogo isiyoonekana, na fomula ikamhesabia ziada.

Mapumziko usiyakate kwa mazoea. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi anayepita saa tano mfululizo mapumziko ya dakika 60, na hizo hazihesabiwi kazi. Lakini aliyeingia saa 1:30 akaruhusiwa saa 6:00 mchana kwenda msibani amekaa saa nne na nusu, hakula chakula cha mchana cha kiwanda, na kumkata saa nzima ni kumwibia. Ndiyo maana G inajazwa kwa mkono. Kama mashine haikusimama na opereta akalazimika kula amesimama huku anafanya kazi, muulize msimamizi wa zamu kabla ya kuandika 60.

Tumchukue opereta mmoja, wiki moja. Jumatatu 1:30 M hadi 11:30 M. Jumanne 1:25 M hadi 12:40 U. Jumatano mlinzi wa mgambo, 07:30 S hadi 17:30 S. Alhamisi kahamishiwa usiku, 12:00 U hadi 12:00 M ya Ijumaa, hivyo Ijumaa kalala. Jumamosi 1:30 M hadi 8:30 M. Kila siku alipumzika dakika 60. Zamu ya usiku naiandika kwenye tarehe aliyoingia, mstari mmoja. Ukiigawa saa sita usiku utampunguzia ziada yake bila kujua.

Jedwali linatoa dakika 540, 615, 540, 660 na 360. Jumla 2,715, yaani saa 45 na robo.

Hapa ndipo nilipokosea mwezi wa pili. Nilijua sheria inaweka kikomo cha saa 45 za kawaida kwa wiki, nikatoa 45, nikampa ovataimu ya robo saa. Nilisahau kwamba sheria hiyohiyo inaweka pia saa tisa kwa siku. Jumanne alizidisha dakika 75, na Alhamisi 120. Ziada yake ni 195, saa tatu na robo. Nilimnyima saa tatu.

Mwenzake wiki hiyohiyo alifanya saa tisa kila siku Jumatatu hadi Ijumaa, na sita Jumamosi. Hakuna siku aliyopita tisa. Ukihesabu kwa siku peke yake hana ovataimu hata dakika, ilhali amefanya saa 51 na anadai sita. Vipimo vyote viwili lazima vitumike, bila kuihesabu saa moja mara mbili. Kwanza kila siku inagawanywa:

```
K:  =IF(J2="","",MIN(J2,540))
L:  =IF(J2="","",J2-K2)
```

Kisha mwisho wa wiki unakagua kama zile za kawaida peke yake zimepita dakika 2,700:

```
=SUM(L2:L7)+MAX(0,SUM(K2:K7)-2700)
```

Opereta wetu ana za kawaida 2,520, haongezewi kitu, anabaki na 195. Mwenzake ana L sifuri na K 3,060, anapata 360. Kama kiwanda chenu kina makubaliano ya maandishi ya kubana wiki ya kazi katika siku chache, vikomo hivi hubadilika, kwa hiyo ulizia hilo siku ya kwanza.

Mhasibu mpelekee desimali: 195 gawa kwa 60 ni 3.25. Usimwandikie 3:15, ataisoma 3.15. Tuseme saa moja ni shilingi 2,000. Ovataimu ni mara moja na nusu, 3,000, na tofauti kati ya 3.25 na 3.15 ni shilingi 300. Ni ndogo, lakini zidisha kwa watu sitini.

Kukagua kwangu ni rahisi. Napaka rangi kila J inayozidi 720, kwa sababu sheria hairuhusu kupita saa 12 kwa siku hata kwa ovataimu, na mara nyingi rangi hiyo ni herufi niliyokosea. Ile 12:40 ya Jumanne ukiiwekea M badala ya U, inasoma saa 22 na robo baada ya mapumziko. Kosa lisiloonekana ni kukosea herufi zote mbili: zamu ya mchana inakuwa ya usiku, dakika zinabaki zilezile, ila mhasibu anamlipa nyongeza ya asilimia 5 ya kazi ya kati ya saa 2 usiku na saa 12 asubuhi. Hiyo inakamatwa kwa macho tu, kwenye H na I.

Moja na saba za kalamu ya wino pia zitakutesa. Usikisie. Watu hupita getini kwa foleni, na mlinzi huandika kwa mfuatano. Mstari uliokaa kati ya 1:28 na 1:33 hauwezi kuwa 7:30.

Asiyesaini kutoka, mwachie E tupu. J itabaki tupu, na kwenye safu ya M andika "hakusaini, kuulizwa". Usimjazie 11:30 kwa sababu wengine walitoka 11:30. Msimamizi akithibitisha, ndipo unajaza na kuandika nani kathibitisha na lini.

Kabla ya kupeleka, mimi huchapa karatasi na kuwasomea watu pale kwenye chai ya saa nne. Nasoma safu ya C na E, siyo H na I. Ukimwambia mzee wa kupanga mbao kwamba aliingia 07:25 atakuitikia tu kwa heshima. Mwambie "uliingia saa moja na dakika ishirini na tano", atakujibu, "Hapana mwanangu, siku ile lori lilichelewa."