Kioo cha simu au protekta? Kuandika orodha ya mzigo kwa Kiswahili

*Naagiza vifaa vya simu kutoka China, mizigo midogo ya posta. Wakala aliuliza ndani kuna nini, nikamwandikia "vifaa vya simu: kava, vioo na chaja". Mzigo ukakwama, na makadirio ya ushuru yakaja tofauti na hesabu yangu. Kwa ankara, ndani kuna kava 30 za plastiki za kilo 1.2 kwa dola 30, vioo 20 vya kubandika juu ya skrini vya kilo 1.0 kwa dola 10, na chaja 10 za ukutani za kilo 0.8 kwa dola 30. Maneno ya lebo ni haya hapa. Niyaandikeje kwa Kiswahili, na zile namba zinasomwaje?*

```
PHONE ACCESSORIES   60 PCS
NET 3.0 KG   GROSS 3.4 KG
USD 70   GIFT
HS 8504409999   ORIGIN CN
```

Neno lililokuponza ni "vioo". Dukani kwako mteja akisema "nibadilishie kioo cha simu", fundi anaelewa ile skrini yenyewe, inayowaka na kuguswa. Wewe uliagiza kile kipande chembamba cha kubandika juu yake, ambacho mtaani kinaitwa protekta. Kwa forodha hivi ni vitu viwili vilivyo mbalimbali kabisa: skrini ni kifaa cha umeme, inatafutwa katika sura ya 85 ya kitabu cha ushuru, protekta ni kioo tu kilichokazwa, inatafutwa katika sura ya 70. Aliyesoma "vioo vya simu" alikuwa na kila sababu ya kwenda sura ya 85, na skrini 20 kwa dola 10 ni bei isiyoingia akilini. Hapo ndipo mzigo unapowekwa pembeni ufunguliwe.

Kwa hiyo andika "protekta". Usiogope kwamba ni neno la mtaani. Katika orodha ya mzigo neno bora ni lile linalotaja kitu kimoja tu, liwe la kamusi au la Kariakoo. Kwa sababu hiyohiyo "vifaa vya simu" halifai, hata kama ni tafsiri sahihi ya mstari wa kwanza wa lebo. Kosa lilianza kwa muuzaji, aliyeandika jina la kundi badala ya jina la bidhaa, na tafsiri nzuri ya maelezo mabovu hubaki kuwa maelezo mabovu. Usitafsiri mstari huo. Fungua ankara, uandike kila aina ya bidhaa kwa mstari wake.

Kila mstari uwe na jina la kitu, kimetengenezwa kwa nini, na kazi yake. Kiswahili kinakusaidia hapa kwa -a unganifu: kava *za plastiki*, protekta *za kioo*. Lakini -a hiyo hubeba pia matumizi, na ndipo "kava za simu za ngozi" inapomfanya msomaji ajiulize kilicho cha ngozi ni kipi. Tanguliza mali ghafi, matumizi yafuate: "kava za ngozi za simu".

Sasa namba. Ile iliyo mbele ya HS ndiyo namba ya kupanga bidhaa kwa ajili ya ushuru. Kwanza naomba usiiite "kodi" kwa kuiga "code" ya Kiingereza, kwa kuwa ukimwambia ofisa "nipe kodi ya chaja" atakutajia pesa. Sema "namba ya HS" au "msimbo wa HS". Namba hiyo husomwa mbili mbili. Katika 8504.40, tarakimu 85 ni sura, 8504 ni kichwa ndani ya sura hiyo, na 8504.40 ni kifungu chake, ambamo chaja za simu huingia. Tarakimu hizo 6 za mwanzo ni za mfumo mmoja wa kimataifa. Zinazofuata kila nchi au jumuiya hujipangia. Muuzaji wako ameandika 10, na zile 4 za mwisho ni za China, hazina maana yoyote huku. Ushuru wa pamoja wa Afrika Mashariki unatumia tarakimu 8, kwa hiyo bakiza 6 za mwanzo na mwachie wakala atafute 2 za mwisho katika kitabu chetu. Tena muuzaji alitoa namba ya chaja kwa mzigo mzima, wakati chaja ni 10 tu kati ya bidhaa 60.

Wakala akikusomea kitabu utakutana na mistari yenye neno moja tu lenye maana ya "nyingine", likitanguliwa na vistari. Wengi huliandika "mengineyo" na kuendelea. Neno hilo halisimami peke yake. Linafuata jina lililo juu yake, na Kiswahili lazima kionyeshe upatanisho huo. Katika 3926.90 jina la juu ni vitu vya plastiki, kwa hiyo ni "vitu vingine vya plastiki", na humo ndimo kava ya plastiki inayobana mgongo wa simu hutafutwa. Kava ya mtindo wa pochi, yenye kufunika simu nzima, hupelekwa kichwa cha 4202, pamoja na mikoba. Zikiwamo za aina zote mbili, zitenganishe.

Kuhusu uzito, NET ni uzito halisi wa bidhaa, na GROSS ni uzito pamoja na vifungashio. Tafsiri ya kawaida ya GROSS ni "uzito wa jumla", na ndiyo inayochanganya, kwani msomaji anaweza kudhani ni jumla ya mistari ya uzito halisi. Naona ni salama zaidi kuandika "uzito pamoja na vifungashio". PCS nayo isiwe "vipande", maana kipande cha chaja ni chaja iliyovunjika. Andika "pisi".

ORIGIN ni nchi bidhaa ilikotengenezwa. Ukiandika "nchi inakotoka", mzigo ulionunuliwa Dubai utaandikiwa Dubai hata kama kila kitu ndani yake ni cha China. Herufi CN pia zinakutana nawe mahali patatu. Kwenye mstari wa ORIGIN zinamaanisha imetengenezwa China. Mwishoni mwa namba ya kufuatilia, kama RR123456785CN, zinamaanisha imetumwa kwa posta ya China. Kwenye jina la fomu yenyewe ya forodha ya posta, CN 22 au CN 23, hazihusiani na China hata kidogo.

Neno GIFT halina tatizo la tafsiri: ni zawadi. Tatizo ni kwamba si kweli. Wauzaji huliweka wakidhani wanakusaidia, lakini chini ya Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya 2004 tamko la uongo ni kosa, na mwenye mzigo ni wewe. Andika "bidhaa za kuuza", na umweleze wakala mapema kwamba lebo imekosewa, kabla ofisa hajaligundua mwenyewe.

Mzigo wako ukiandikwa hivyo utasomeka hivi:

```
Kava za plastiki za mgongo wa simu: pisi 30, kilo 1.2, dola 30, HS 3926.90
Protekta za kioo kilichokazwa, za simu: pisi 20, kilo 1.0, dola 10, HS 7007.19
Chaja za ukutani za simu: pisi 10, kilo 0.8, dola 30, HS 8504.40
Uzito halisi kilo 3.0; pamoja na vifungashio kilo 3.4
Bidhaa za kuuza; zimetengenezwa China
```

Pisi zinafika 60, kilo 3.0 na dola 70, sawasawa na lebo. Fanya hesabu hiyo kila mara kabla ya kumpa wakala, kisha ambatisha ankara yenye mistari hiyohiyo kwa mpangilio uleule. Kwa oda ijayo, mtumie muuzaji mgawanyo huu kabla hajachapa lebo, akiwa na namba za tarakimu 6 tu.