Maneno ya irabu tano na ya irabu moja

"Naandaa chemshabongo ya Kiswahili. Napataje maneno yenye irabu zote tano, au yenye irabu ya aina moja tu?"

Tafuta kitenzi chenye o kwenye mzizi na e kabla ya a ya mwisho, kisha kitie u- mwanzoni na -ji mwishoni. Pokea inakupa upokeaji: u, o, e, a, i, kila moja mara moja tu, safi kabisa! Vivyo hivyo uboreshaji, uongezaji, upotezaji. Uogeleaji nalo limo, ila e imejirudia. Siri ni kwamba mzizi wenye o huvuta e kwenye mnyambuliko, lakini wenye u huvuta i. Ndiyo maana ufundishaji halifiki.

Neno uokoaji nalo linakaribia sana, ila likague herufi kwa herufi: u, o, o, a, i. E haipo.

Za irabu moja: mahakama, lengelenge, kisirisiri, mporomoko, upungufu. A ndiyo rahisi zaidi, kwa sababu vitenzi vyetu vingi huishia nayo. Hawatatazamana ina a saba. Ya e inapatikana kwa kuwaagiza watu: mtengeneze, mtegemee.

Amua mapema kama vitenzi vyenye viambishi vinakubalika. Mimi ningevikubali, ingawa wapo wanaoshikilia maneno yaliyoorodheshwa kwenye kamusi tu, na hapo hawatatazamana na mtengeneze yanatoka.