Urefu wa siti ya baiskeli na maumivu ya mbele ya goti

Tanga ni mji tambarare, na wengi wetu tunakwenda kazini kwa baiskeli kila siku, asubuhi na jioni. Ukisimama asubuhi kwenye barabara ya kutoka Pongwe, utaona waendeshaji wengi ambao magoti yao yanapanda karibu na kiwiko kila pedali inapofika juu. Siti zao ziko chini mno, na kwa uzoefu wangu hiyo ndiyo sababu ya kwanza ya kuchunguza mtu anapolalamika kwamba goti linamuuma mbele, kwenye pia ya goti au chini yake kidogo.

Siti ikiwa chini, goti hukunjwa sana pedali inapokuwa juu, na hapo ndipo mguu unapoanza kusukuma kwa nguvu. Goti lililokunjwa hivyo hufanya pia ya goti igandamizwe kwa nguvu kwenye mfupa wa paja, na jambo hilo hurudiwa maelfu ya mara katika safari moja. Siti ikizidi kuwa juu, dalili hubadilika: maumivu huja nyuma ya goti, nyonga huyumba kulia na kushoto juu ya siti, na vidole vya mguu huifuata pedali kwa kunyooshwa. Kwa hiyo, kabla ya kushika spana, jiulize kwanza ni upande gani wa goti unaouma.

Nilikuwa na maumivu ya aina ya kwanza, na shemeji yangu anayefanya kazi bandarini alikuwa nayo pia, kwa hiyo nitaeleza tulivyoirekebisha baiskeli yake. Tuliiegemeza ukutani, akapanda akiwa amevaa viatu vyake vya kazini, kwa kuwa soli nene hubadilisha kipimo. Aliweka kisigino, si unyayo, juu ya pedali, kisha akaizungusha kinyumenyume hadi ikafika chini kabisa. Hapo mguu unapaswa kunyooka kabisa bila nyonga kuinama upande mmoja. Ukirudisha sehemu pana ya unyayo, ile iliyo nyuma ya vidole, juu ya pedali, goti litabaki limekunjika kidogo, nyuzi 25 hadi 35 hivi, na huo ndio mkunjo tunaoutafuta. Goti la shemeji lilikuwa bado limekunjika sana hata alipotumia kisigino.

Kipimo hiki lazima kifanywe ukiwa umekaa kwa uzito wako wote. Baiskeli nyingi za hapa zina siti pana yenye springi, nayo hubonyea mtu anapokaa, kwa hiyo aliyepima kwa futi akiwa amesimama pembeni atapata urefu ambao mguu hauuoni barabarani.

Kutoka katikati ya ekseli ya krenki hadi juu ya siti, tukifuata bomba la siti, tulipata sentimita 63 akiwa ameketi, na kisigino kilitaka sentimita 69. Hatukupandisha zote sita kwa siku moja, kwa sababu misuli na kano zilizozoea mkunjo mmoja huanza kuuma zikibadilishiwa ghafla. Tulipandisha sentimita moja, akaendesha siku kadhaa, kisha nyingine, na zile za mwisho kwa nusu nusu. Maumivu yalianza kupungua kabla hatujafika mwisho. Tulisimama kwenye 68 kwa sababu hubeba mzigo nyuma, na mwenye mzigo anahitaji kufikia ardhi haraka. Usivute bomba kupita alama ya mwisho iliyochongwa juu yake, maana linaweza kupinda au kuvunja fremu.

Alikuwa na pingamizi moja. "Shemeji, nikisimama kwenye makutano, miguu haitafika chini," aliniambia. Ni kweli, lakini mtu anaposimama anapaswa kushuka mbele ya siti na kukanyaga ardhi kwa mguu mmoja. Kupunguza siti ili miguu yote ifike chini ndiko kunakoliumiza goti muda wote wa safari.

Goti lililovimba, linalokwama, linalouma usiku au lililoanza kuuma baada ya kuanguka halirekebishwi kwa spana. Mwenye nalo aende hospitali.

Maumivu yakirudi baada ya wiki chache, angalia kwanza kama siti imeteremka. Nati iliyolika au bomba lililopakwa mafuta mengi huachia taratibu kwenye mashimo ya barabarani, na mwendeshaji hajui. Chora mstari kwa kalamu ya wino usiofutika pale bomba linapoingia kwenye fremu, uutazame kila Jumamosi, na ukiona umezama, mwambie fundi abadilishe boliti na nati yake badala ya kuikaza tena ileile.