Saa thelathini, ishirini, kisha kumi

Swali la wiki: "Ukikaribia kustaafu, ni bora kuacha kazi siku moja au kupunguza saa kidogo kidogo? Wewe ulifanyaje?"

Mimi nimepunguza, na sasa nimo mwaka wa mwisho. Ni mtu wa Tanga, naishi Hamburg tangu 1993, na kazi yangu ni stoo ya vifaa vya hospitali. Ujerumani ina sheria ya mwaka 1996 inayomruhusu mfanyakazi aliyetimiza miaka 55 kukubaliana na mwajiri wake afanye nusu ya saa zake mpaka afikie pensheni. Nasema kukubaliana, kwa sababu sheria hiyo peke yake haimlazimishi mwajiri. Mimi nilirudishwa mara mbili kabla ya kusikilizwa.

Tuanze na fedha, maana ndizo zinazowatisha watu. Mshahara wangu kabla ya makato ulikuwa yuro 3,600, kwa hiyo nusu yake ni 1,800. Mwajiri hutakiwa kuongeza angalau asilimia 20 ya hiyo nusu, yaani 360, nazo hazikatwi kodi. Jumla 2,160. Kwenye pensheni ndiko kwenye unafuu: mwajiri huchangia pia kana kwamba nimepata asilimia 80 zaidi ya ile nusu, yaani 1,440. Ukijumlisha na 1,800 unapata 3,240, sawa na asilimia 90 ya mshahara wa zamani. Saa zimepungua nusu, lakini michango imepungua sehemu moja tu ya kumi.

Wenzangu wengi husikia "nusu" wakachukua njia ya vipande viwili: miezi 18 kazi kamili, miezi 18 nyumbani, mshahara ukiwa uleule 2,160 muda wote. Mimi siuiti huo kupunguza. Ni kuacha ghafla, ila mapema zaidi. Tena ina mtego. Mwenzangu mmoja aliugua katikati ya kipande cha kwanza. Wiki sita za mwanzo mwajiri alimlipa, baadaye miezi minne akaishi kwa fedha za bima ya afya, na miezi hiyo haikumwekea akiba yoyote ya muda. Ilibidi afanye kazi miezi miwili zaidi ili hesabu ikae sawa, na hapo alikuwa bado anatembelea fimbo.

Jambo wengi wasilolijua ni kwamba sheria inataka wastani tu uwe nusu. Kwa hiyo niliomba mwaka wa kwanza saa 30 kwa wiki, wa pili 20, wa tatu 10. Ukigawanya unapata 20, nusu ya zile 40 za zamani, na mshahara haubadiliki miaka yote mitatu. Ofisi ya utumishi hawakuwahi kuona ombi la namna hiyo, lakini walipopiga hesabu hawakupata pa kulikatalia. Ugonjwa mrefu mwaka wa kwanza ungenidhuru mimi pia, kwa kuwa mwanzoni unafanya kazi nyingi kuliko unayolipwa. Hiyo ziada ni deni la mwajiri kwako, kwa hiyo lazima ailinde asije akafilisika nayo, na kila miezi sita akuonyeshe kwa maandishi jinsi inavyolindwa. Karatasi hiyo nilikuwa naidai.

Kodi ilinishtua. Zile 360 hazitozwi, lakini hupandisha kiwango kinachotozwa kwenye mshahara uliobaki, na bili huja mwaka unaofuata, wakati umeshazitumia. Siku hizi kila mwezi natenga kidogo.

Kwa sisi tuliokuja wakubwa kuna kikwazo kingine. Mpango huu lazima ukufikishe kwenye tarehe unayoweza kudai pensheni. Wenyeji wengi huichukua mapema, wakiwa na miaka 63, lakini wanatakiwa wawe na miaka 35 ya bima, na kila mwezi wa kuwahi hukatwa asilimia 0.3 maisha yote. Miaka yangu saba ya kufundisha Tanga haihesabiwi, maana Tanzania na Ujerumani hazina mkataba wa hifadhi ya jamii. Nimezaliwa 1960, kwa hiyo ilibidi nihesabu kurudi nyuma kutoka miaka 66 na miezi minne, umri wa kawaida wa pensheni kwa waliozaliwa mwaka huo.

Sasa naenda Jumanne na Alhamisi kuanzia asubuhi, kila siku kwa muda wa saa tano. Kijana anayepokea stoo anajua kompyuta kuliko mimi, lakini mwaka jana aliagiza kanula, vile vibomba vya kuingiza dripu kwenye mshipa, kwa wastani wa mwezi, na wodi ya wazee ikaishiwa zile za bluu Jumamosi. Wazee mishipa yao ni myembamba, na bluu ndiyo nyembamba inayoingia. Za kijani zilikuwa zimejaa rafu nzima. Hilo halimo kwenye kompyuta. Wiki hiyo nilikuwa bado na saa 20, kwa hiyo Jumatatu tulikaa wawili sakafuni tukapanga maboksi upya, wodi kwa wodi. Juzi Alhamisi nilikuta ameshaagiza za bluu mwenyewe, boksi mbili za ziada, nami nikarudi nyumbani kabla ya saa yangu.