Madogo mnaopanga vikao vya Dar, Toronto na Manila

Juzi nimeona tena mwaliko wa aina ileile: kila Jumatano saa tisa alasiri, na chini yake dogo kaandika, "Muda huu unawafaa wote." Unamfaa nani? Unakufaa wewe uliyeshiba wali wa mchana. Kiangazi hiki muda huohuo Toronto ni saa mbili asubuhi, mtu anapeleka watoto shule, na Manila ni saa mbili usiku.

1. Sisi tuko katikati. Dar ni UTC+3, Manila UTC+8, Toronto UTC-4 kiangazi na UTC-5 majira ya baridi. Kwa hiyo saa ambayo wale wawili wanaweza kuivumilia mara nyingi hutuangukia sisi mchana kweupe. Karaha hatuioni, ndiyo maana tunaongoza kwa kusema "iko poa."

2. Toronto hubadilisha saa, sisi na Manila hatubadilishi. Hapa vumilieni kidogo, kwa sababu hapa ndipo nilipomwumiza mtu.

Mteja alikuwa Toronto, nami nikataka kumpendeza. Nikatengeneza kikao cha kila wiki, kwenye kalenda nikachagua America/Toronto, saa mbili asubuhi. Kiangazi chote mambo yakaenda. Jumapili ya kwanza ya Novemba Toronto ikarudisha saa nyuma. Kwao kikao kikabaki saa mbili asubuhi. Sisi tukasogea hadi saa kumi, Manila hadi saa tatu usiku. Mimi nilifurahi kabisa, nimeongezewa saa nzima ya kumaliza viporo kabla ya kikao.

Mwenzetu wa Manila akaanza kuingia kamera imezimwa. Ukimwuliza kitu, anajibu kwa kuandika kwenye chati. Nami, bila kumwuliza chochote, nikamwandikia meneja kwamba ushiriki wake umeshuka. Naam, niliandika hivyo, na ikaingia kwenye tathmini yake. Alipoisoma ndipo akanieleza: nyumba yake ina vyumba viwili, mtoto mchanga keshalala, na yeye anakaa jikoni taa imezimwa, akiongea mtoto anaamka. Nikamkumbusha kwamba nilimwuliza kama muda uko sawa akasema sawa. Ni kweli nilimwuliza, tena mbele ya mteja. Ulitaka aseme nini pale, dada wa watu? Tathmini ilirekebishwa, ila alihamia timu nyingine mwezi uliofuata.

Kwa hiyo sasa vikao vyote naviweka kwenye Africa/Dar_es_Salaam. Saa yetu haichezi, ya Manila haichezi, basi Novemba na Machi anayesogea ni yule aliyebadilisha saa peke yake. Maswali ya muda naulizia faragha, na siulizi "ni sawa?" Nauliza, "Saa gani huwezi kabisa?"

3. Zamu. Kuanzia Novemba hadi Machi tunapokezana nafasi mbili. Wiki hii Dar saa tisa alasiri: Toronto ni saa moja asubuhi, Manila saa mbili usiku. Wiki inayofuata Dar saa kumi na mbili asubuhi: Manila ni saa tano asubuhi, raha mustarehe, na Toronto ni saa nne usiku wa jana yake. Ndiyo, nasi tunaamka na jogoo, msininunie. Ukipiga hesabu utaona Toronto inaguswa wiki zote mbili, kwa hiyo kikao cha usiku wao hakizidi nusu saa na muhtasari huandikwa na mtu wa Dar, kila mara.

Kiangazi nafasi ya alfajiri haifai, ingewapeleka Toronto saa tano usiku. Badala yake tunabadilishana saa tisa na saa saba na nusu mchana. Hiyo ya pili kwa Toronto ni saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kwa Manila ni saa kumi na mbili na nusu jioni. Kila mmoja analalamika kidogo, na malalamiko yakilingana ujue umepatia.

4. Kwenye ujumbe andika 15:00 na jina la mji. Ukiandika "saa 9" tu, nusu ya timu itaingia asubuhi. Na acheni kuandika EST, saa ya Toronto ya majira ya baridi, mwezi wa Julai. Wakati huo Toronto iko kwenye EDT, saa yao ya kiangazi, na anayekokotoa kwa EST atachelewa saa nzima.

5. Kikao cha alfajiri yetu kisiwe Jumatatu. Kwa Toronto hiyo ni Jumapili usiku. Kuna mtu aliwahi kukiweka, na safari hii si mimi.